Kumi Si Burhani

Imeenea miongoni mwa wanaojishughulisha na takwimu za uchumi, kuanzia wanafunzi wa uzamili hadi baadhi ya wale wanaowasahihisha, itikadi moja ambayo kwa wepesi wake imepata wafuasi wengi kuliko inavyostahiki: kwamba ala, yaani kile kigeu cha nje tunachokitumia kupima athari ya jambo moja juu ya jingine pale ambapo sababu zisizoonekana zimeyachanganya, huthibitika kuwa njema iwapo takwimu ya F katika hatua ya kwanza imevuka 10, na iwapo jaribio la Sargan halikuleta pingamizi. Mwandishi huziweka namba hizo mbili chini ya jedwali, huandika sentensi moja ya kudai kwamba ala yake haihusiani na masalio, kisha huingia katika matokeo akiwa ametua moyo, na msomaji naye hutua pamoja naye. Makala haya yamekusudiwa kuipinga itikadi hiyo. Si kwa kuwa namba hizo hazina kazi, bali kwa kuwa kazi yake ni nyingine kabisa na ile iliyobebeshwa, na kwa kuwa aliyezitegemea ameiacha bila ya kuifanya ile kazi ambayo hakuna hesabu iwezayo kumfanyia.

Tuanze na kadhia yenyewe. Mtu akitaka kujua mwaka mmoja wa shule huongeza mshahara kwa kiasi gani, hawezi kuridhika na kuwalinganisha waliosoma sana na waliosoma kidogo, kwa maana waliosoma sana aghalabu ndio waliozaliwa katika nyumba zenye vitabu na wazazi wenye uwezo, au waliojaaliwa akili nyepesi na subira ndefu, na mambo hayo yangewapa mishahara mizuri hata lau wangeiacha shule mapema. Rigresheni ya kawaida huuchanganya mchango wa shule na mchango wa hayo yaliyofichika, ambayo, maadamu hayamo katika data, hukaa katika masalio ya mlinganyo. Mwenye kutumia ala hutafuta kitu cha tatu kinachowasukuma baadhi ya watu wasome zaidi na wengine wasome kidogo bila ya kujali nyumba zao wala akili zao. Kisha, kwa njia ya miraba midogo kabisa ya hatua mbili, hukadiria kwanza miaka ya shule kwa kuitegemea ala hiyo, na katika hatua ya pili huupima mshahara dhidi ya miaka iliyokadiriwa, si miaka halisi, ili kinachopimwa kiwe ni ile sehemu tu ya elimu iliyoletwa na ala. (Azifanyaye hatua hizi moja moja kwa mkono wake hupata kadirio sahihi lakini kosa sanifu lisilo sahihi, kwa kuwa masalio ya hatua ya pili yatakuwa yamehesabiwa kwa elimu ya kukadiria badala ya elimu ya kweli, ni heri aiachie programu ifanye zote mbili kwa pamoja.)

Masharti ya ala ni mawili. La kwanza ni uhusika: ni lazima ala iisogeze elimu kweli kweli. La pili ni usafi, nalo lina mapande mawili ambayo watu hupenda kuyafunga furushi moja, kisha wakalithibitisha pande moja na kudhani wamelithibitisha na la pili: kwamba ala imewaangukia watu kana kwamba kwa kura, bila ya kufungamana na hali zao za asili; na kwamba, baada ya kuwaangukia, haina njia nyingine ya kuufikia mshahara isipokuwa kwa kupitia shule. Uhusika huonekana kwa macho, kwa kuwa ala na elimu vyote viwili vimo katika data. Usafi ni madai juu ya masalio, na masalio ya kweli hakuna aliyewahi kuyaona. Kadhi anapoletewa shahidi huuliza mambo mawili, kwamba je, alikuwapo akaona, na je, ni mwadilifu asiye na undugu wala deni na mmoja wa wadaawa. Na ukubwa wa sauti ya shahidi, hata ukitikisa mapaa, unaweza kumhakikishia kadhi kwamba koo lake ni zima, lakini hauwezi kumhakikishia kwamba yeye si mkwe wa mdai. Takwimu ya F ni kipimo cha sauti.

Mfano nitakaoushika ni mashuhuri, na nimeuchagua kwa makusudi kwa kuwa waliouanzisha hawakuwa wazembe. Mwaka 1991 Joshua Angrist na Alan Krueger walichapisha utafiti juu ya wanaume wa Marekani waliozaliwa baina ya 1930 na 1939, watu 329,509 waliohesabiwa katika sensa ya 1980, na ala yao ilikuwa ni robo ya mwaka aliyozaliwa mtu. Mantiki yake ni hii. Desturi ya shule za Marekani ilikuwa kumpokea mtoto darasa la kwanza katika mwaka wa kalenda anaotimiza miaka sita, kwa hivyo aliyezaliwa Januari huingia shule mwezi wa Septemba akiwa amekwisha kuvuka miaka sita na nusu, na aliyezaliwa Disemba huingia siku hiyo hiyo akiwa hajafika sita. Sheria, kwa upande wake, haikumlazimisha mtoto kumaliza madarasa fulani, bali ilimlazimisha kukaa shuleni hadi siku ya kuzaliwa kwake ya miaka 16, au 17 au 18 katika baadhi ya majimbo. Basi wawili hao, wakiwa wote hawaipendi shule na wote wakaiacha siku ya kwanza wanayoruhusiwa, yule wa Januari atakuwa ameketi darasani muda mfupi zaidi kuliko yule wa Disemba, na sababu si akili yake wala mfuko wa baba yake, bali ni kalenda.

Hoja hii ina uzuri ambao haukanushiki, na hesabu zake zinatosha kufanywa kwenye kipande cha karatasi. Waliozaliwa katika robo ya kwanza walikuwa na wastani wa miaka 12.69 ya shule; waliozaliwa katika robo tatu zilizobaki, 12.80, tofauti, kwa usahihi zaidi, ni 0.1088 ya mwaka, yaani kama siku arobaini za kalenda. Mishahara yao ya juma ilitofautiana kwa 0.0111 katika kipimo cha logi, ambayo ni sawa na asilimia 1.1. Ukiigawa tofauti ya mshahara kwa tofauti ya elimu unapata 0.102, kwamba mwaka mmoja wa shule huongeza mshahara kwa takriban asilimia kumi, ilhali rigresheni ya kawaida ilikuwa imetoa asilimia saba. Kwa ala moja yenye thamani mbili, miraba midogo ya hatua mbili haifanyi zaidi ya kugawanya huku, na ni vyema msomaji akumbuke kila wakati kwamba chini ya majina yote makubwa pana sehemu yenye namba ya juu na namba ya chini.

Sasa tuulize kipimo kinasemaje. Kosa sanifu la ile 0.1088 lilikuwa 0.0132, basi uwiano wake ni 8.2, na mraba wa uwiano huo, ambao ndio F, ni karibu 68. Kwa sheria ya kumi ala hii imepita mlango na bado ina nafasi ya kupitisha wengine. Mwenye itikadi ninayoipinga angeishia hapo, na mimi namwomba asubiri kidogo tuyatazame yaliyomo ndani ya hiyo 68. Imetoka wapi? Haikutoka katika ukubwa wa athari, kwa kuwa robo ya kuzaliwa huisogeza elimu kwa siku arobaini tu. Imetoka katika wingi wa watu waliohesabiwa. Lau sampuli ingekuwa ya watu 33,000 badala ya 330,000, na kila kitu kingine kikabaki vile vile, F ingekuwa karibu 7 na ala ingekataliwa. Lau ingekuwa ya watu milioni tatu, F ingekaribia 680 na mwandishi angejigamba. Katika hali zote tatu uhusiano wa robo ya kuzaliwa na nyumba ya kuzaliwa usingebadilika hata kidogo. F hununuliwa kwa kuongeza watu. Usafi haununuliwi kwa bei hiyo.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, nami nataka tukae nalo. Namba ya chini katika ule mgawanyo ni 0.1088, na kugawa kwa 0.1088 ni sawasawa na kuzidisha kwa 9.2. Kinachozidishwa si ukweli peke yake, bali ni kila kilichomo katika namba ya juu, uchafu ukiwamo. Tuseme kwamba waliozaliwa Januari hadi Machi, kwa sababu yoyote isiyohusiana na shule, wangepata mshahara pungufu wa nusu ya asilimia moja, yaani 0.005, hata kama wangesoma muda ule ule na wenzao. Nusu ya asilimia moja ni kitu kidogo mno, ni tofauti ambayo katika rigresheni ya kawaida hakuna ambaye angeiinamia kuiokota. Lakini katika ala hii imezidishwa mara tisa na zaidi, na inachangia 0.046 katika kadirio la 0.102, ukiiondoa, faida ya mwaka mmoja wa shule inateremka kutoka asilimia kumi hadi asilimia tano na sehemu, chini ya ile saba ya rigresheni ya kawaida. Hitimisho limegeuka juu chini, na F haikutetereka: ilikuwa 68, ni 68, na itabaki 68. Alhasili, ala yenye msukumo mdogo huhitaji usafi mkubwa kuliko ala yenye msukumo mkubwa, na sampuli kubwa, ambayo ndiyo iliyomfanya mwandishi ajione salama, hutufumba macho tusiuone udogo wa msukumo.

Je, uchafu huo ulikuwapo? Katika mwaka 2013 Kasey Buckles na Daniel Hungerman walichapisha utafiti ambao haukuhitaji hisabati mpya. Walikwenda kuwatazama akina mama. Wakakuta kwamba watoto wanaozaliwa majira ya baridi huko Marekani, ambayo ni ile miezi ya robo ya kwanza, huwa na mama ambao kwa uwiano mkubwa zaidi wana umri wa chini ya miaka ishirini, hawajaolewa, au hawana shahada ya sekondari, na kwamba hali hizo za nyumbani huweza kueleza hadi nusu ya uhusiano ulioonekana baina ya msimu wa kuzaliwa na maisha ya utu uzima. Kalenda, iliyodhaniwa kwamba haijui tajiri wala maskini, kumbe inajua, kwa kuwa mimba hazitungwi kwa kura: wanawake wa hali mbalimbali huzaa kwa misimu mbalimbali. Miaka ishirini na mbili ilipita baina ya karatasi ya kwanza na hiyo ya pili, na katika muda huo ala ilifundishwa madarasani, ikapimwa na kupimwa tena. Lakini hakuna hata kipimo kimoja kilichowataja akina mama, kwa sababu vipimo havina habari nao. Aliyeweza kuwataja ni mtu aliyejiuliza: ni nani huzaa Januari?

Mtetezi wa itikadi atasema kwamba kwa ajili ya shaka kama hizo ndiyo sababu tuna jaribio la Sargan, ambalo baadaye Hansen alilipanua, na kwamba ala zikiwa nyingi kuliko vigeu vinavyotafutiwa dawa, basi tunaweza kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe na kumgundua mwongo. Maneno haya yana sura ya hoja. Angrist na Krueger walikuwa na ala nyingi, kwa kuwa walizidisha robo za mwaka kwa miaka kumi ya kuzaliwa wakapata ala thelathini, na jaribio halikuzikataa. Lakini jaribio hilo huuliza swali moja tu: je, ala hizi zinatoa jibu linalofanana? Wakiwa wote thelathini ni watoto wa mama mmoja, watatoa jibu linalofanana hata jibu hilo likiwa si kweli, na kwa hakika kadiri uchafu wao unavyofanana ndivyo jaribio linavyozidi kuwasafisha. Robo ya kwanza ya 1931 na robo ya kwanza ya 1936 hazitofautiani katika sifa tunayoishuku. Jaribio lina maana pale tu ambapo ala zinatoka katika asili mbalimbali, kila moja ikiwa na njia yake ya kukosea. Na hata hapo, likikataa, halisemi ni ipi iliyo chafu, na huenda likakataa kwa sababu nyingine isiyo na aibu yoyote, kwamba kila ala imewasukuma watu wa aina nyingine, na faida ya elimu kwa watu hao si moja.

Zaidi ya hayo, kumi yenyewe haikuzaliwa kuwa mlango wa kila nyumba. Staiger na Stock, mwaka 1997, waliitoa kama kanuni ya mkono kwa ajili ya hatari mahsusi: kwamba ala nyingi zilizo dhaifu hulivuta kadirio la hatua mbili lirudi pale pale lilipokuwa kadirio la kawaida, kwa hiyo mtafiti hudhani ametoroka ilhali amezunguka uwanja. Hatari hiyo John Bound, David Jaeger na Regina Baker walikuwa wamekwisha kuionyesha miaka miwili kabla, katika data hizi hizi. Kadiri ala zilivyoongezwa, robo kwa mwaka na kisha robo kwa jimbo, ndivyo F ilivyoshuka hadi chini ya 5 na hatimaye chini ya 3. Na walipozitupa robo za kweli na badala yake wakawapa watu robo za kubuni zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kompyuta, ambazo haziwezi kuwa na uhusiano wowote na shule, miraba midogo ya hatua mbili iliwapa bado kadirio la heshima lenye kosa sanifu la kuvutia. Mtu asiyeitazama hatua ya kwanza asingeweza kuitambua ala ya uongo kwa kuitazama hatua ya pili. Hiyo ndiyo kazi halali ya F, na kwa kazi hiyo siidharau. Hata hivyo, mwaka 2022 Lee na wenzake watatu walionyesha kwamba hata katika kazi hiyo kumi haitoshi: mwenye ala moja anayetaka kuendelea kutumia ule mpaka wa kawaida wa 1.96 na kudai uhakika wa asilimia 95 anahitaji F ya karibu 105, na 68 yetu haifiki. Asiyetaka kusumbuka na mipaka hiyo anaweza kutumia jaribio la Anderson na Rubin la 1949, ambalo halidanganyiki kwa udhaifu wa ala. Ni la zamani kuliko sheria ya kumi, na sijui kwa nini halifundishwi kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nimelisikia likitolewa na watu ninaowaheshimu: kwamba ukiuondoa usafi katika mikono ya hesabu ukautia katika mikono ya hoja, umeifungulia milango kila simulizi tamu, na kwamba namba, hata ikiwa pungufu, haina upendeleo, ilhali ulimi unao. Nalijibu hivi. Hoja ninayoidai si hoja fasaha, ni hoja inayoweza kukamatwa. Mwenye ala sharti aeleze ni nani aliyeigawa ala hiyo na kwa kanuni gani. Sharti azitaje kwa majina njia zote nyingine ambazo kwazo ala ingeweza kuyafikia matokeo, na azitaje zile zinazomuumiza kabla ya zile zinazomfaa. Kisha kila njia aliyoitaja aitafutie mahali ambapo, lau ingekuwapo, ingeonekana. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito wote. Angrist na Krueger wenyewe walilifanya, na inasikitisha kwamba wanaowanukuu huichukua 0.102 na kuyaacha hayo: walionyesha kwamba katika majimbo ambayo sheria iliruhusu kuacha shule kwa miaka 16, tofauti za robo katika kubaki shuleni baada ya umri huo zilionekana, tofauti na majimbo yenye umri wa juu zaidi; na waliwatazama waliomaliza chuo kikuu, watu ambao sheria ya miaka 16 haikuwagusa, wakakuta kwamba robo ya kuzaliwa haikufungamana na mishahara yao. Huko ndiko kubishana kwa haki. Mahali ambapo njia ya shule imefungwa, ala ikiendelea kuusogeza mshahara, basi imepita dirishani.

Walakini hata ushahidi huo una mpaka wake, na hoja njema huutaja mpaka. Waliofika chuo kikuu wamechujwa. Mtoto wa mama mwenye shida aliyefika huko si mfano wa ndugu zake walioachwa nyuma, na kwa hiyo ukimya wa data zao hauwezi kuwatetea wote. Ndiyo maana Buckles na Hungerman, waliokwenda moja kwa moja kwenye hali za kina mama badala ya kungoja athari zake katika mishahara ya wachache, waliyaona ambayo jaribio la chuo kikuu halikuyaona.

Kwa upande wetu wa Afrika, ala inayopendwa kuliko zote ni mvua, kwa kuwa mvua huletwa na Mwenyezi Mungu na hakuna serikali inayoweza kuipangia. Miguel, Satyanath na Sergenti waliitumia mwaka 2004 katika nchi 41 za Afrika, miaka ya 1981 hadi 1999, wakaonyesha kwamba uchumi ukiporomoka kwa pointi tano za asilimia, uwezekano wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika mwaka unaofuata huongezeka kwa nusu. Pande la kwanza la usafi, kule kuanguka kana kwamba kwa kura, mvua inalo kwa kiasi kikubwa. Na ni hapo ndipo wengi huishia, kana kwamba kitu kikitoka mbinguni basi hakina njia nyingi duniani. Pande la pili ni kazi ngumu. Mvua hujaza maghala, lakini pia hukata barabara ambazo kwazo majeshi na waasi hupita, na huwaweka watu ndani ya nyumba. Waandishi hao walilitambua jambo la barabara na kulijadili, wengi wa waigaji wao hawakulijadili. Heather Sarsons, mwaka 2015, aliichukua ala hiyo hadi India na akaitafutia mahali ambapo njia ya kilimo imezibwa: wilaya zilizo chini ya mabwawa, ambako maji ya kumwagilia huyafanya mapato yasiitegemee sana mvua ya mwaka. Ikiwa mvua huzusha ghasia kwa kupitia mapato tu, huko ingepaswa kunyamaza. Haikunyamaza. Na kama mtu atafikiri kuichukua robo ya kuzaliwa kuileta kwetu, akumbuke kwamba wazee wengi wameandikiwa katika karatasi zao tarehe ya kwanza ya Januari au ya Julai kwa kuwa tarehe ya kweli haikuandikwa popote, na kwamba mwenye tarehe ya kweli aghalabu ndiye aliyezaliwa hospitalini au kwa wazazi waliojua kuandika. Ala imekwisha kuchafuka kabla haijaingizwa katika kompyuta.

Huenda msomaji akaniambia: basi hakuna ala iliyosalimika, isipokuwa kura yenyewe. Nami nasema hata kura iletwe tuihoji. Tarehe 1 Disemba 1969, serikali ya Marekani iliendesha bahati nasibu ya kuwaita vijana jeshini wakati wa vita vya Vietnam: vidonge 366, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, vikatolewa kimoja kimoja, na waliozaliwa tarehe iliyotoka kwanza, 14 Septemba, wakawa wa kwanza kuitwa. Angrist huyo huyo alizitumia kura za namna hii kama ala katika utafiti wa 1990, akakadiria kwamba Wamarekani weupe waliokwenda jeshini walikuwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakipata mshahara pungufu wa kama asilimia 15. Ugawaji ni wa nasibu. Pande la kwanza limetimia kwa tangazo la serikali. Pande la pili halikutimia kwa tangazo hilo, kwa kuwa kijana aliyepata namba mbaya aliweza kubadili maisha yake hata asipovaa sare, kwa kutafuta nafasi ya masomo itakayomchelewesha, na mwajiri aliyemjua kuwa na namba hiyo aliweza kusita kumfundisha kazi. Kura huzuia nyumba isimchague mtu. Haizuii mtu asiijibu kura.

Na kura yenyewe ya mwaka ule haikuchanganywa vizuri. Vidonge vilitiwa chomboni mwezi baada ya mwezi, havikukorogwa vya kutosha, na tarehe za miezi ya mwisho wa mwaka zikatoka mapema kuliko haki, jambo ambalo wanatakwimu walilibaini muda mfupi baadaye. Waliohusika na kura hiyo ni waliozaliwa 1944 hadi 1950. Angrist na Krueger, mbali na wale wa miaka ya 1930, walikadiria pia kwa wanaume waliozaliwa 1940 hadi 1949. Maana yake ni kwamba kwa waliozaliwa 1944 hadi 1949 katika kundi hilo, mtu wa Disemba aliyedhaniwa kutofautiana na mtu wa Januari kwa muda mfupi wa shule tu, alitofautiana naye pia kwa uwezekano wa kupelekwa vitani. Sijui kipimo ambacho kingeweza kumwambia mtu habari hiyo. Yapo maelezo ya namna vidonge vilivyotiwa chomboni, na anayetaka kuitumia robo ya kuzaliwa kwa kundi hilo itambidi ayasome.